Kuskani negativu na slaidi za zamani: ununue mashine au ulipie studio?

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye bati la biskuti lililojaa negativu za rangi za miaka ya 1980 na 1990, anayetaka kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Bati ninalolitolea mfano ni la nyumbani kwetu Tanga. Lilikuwa na mikanda 25 ya milimita 35, kila mmoja wa picha 36, yaani fremu zipatazo 900 zilizokatwa vipande vya fremu sita sita, pamoja na slaidi 60 za ami yangu zilizokuwa bado kwenye vifremu vyake vya karatasi. Mpangilio wa machaguo ninaoutoa hapa chini unafuata bati la aina hiyo. Mwenye mikanda miwili tu, au mwenye elfu tatu, ataona mahali ambapo hesabu yake inatofautiana na yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa faili, kwa kuwa ndipo wauzaji wengi wanapowachanganya wateja. Fremu ya mkanda wa milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukiiskani kwa nukta 2,400 za kweli kwa kila inchi, utapata picha ya pikseli 3,400 kwa 2,270 hivi, ambayo inatosha kuchapishwa kwa ukubwa wa takriban sentimita 29 kwa 19 bila kupoteza ukali wake. Kwa picha za familia, kiwango hicho kinatosha kabisa. Neno la kuzingatia hapa ni “kweli”, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi la skana huonyesha mara ambazo mashine inaweza kuhesabu nukta, wala haionyeshi undani ambao lenzi yake inaweza kuuona. Epson Perfection V600 imeandikwa 6,400, lakini ikipimwa kwa bamba la majaribio hutoa takriban 1,500 hadi 1,600 tu. Plustek OpticFilm 8200i imeandikwa 7,200 na hutoa kama 3,200. Kuiagiza mashine iskani kwa namba ya juu kabisa hukuongezea ukubwa wa faili na muda wa kusubiri, bila kukuongezea hata unywele mmoja kwenye picha.

Nafasi ya kwanza ninaipa njia ya kuchagua nyumbani na kulipia studio kwa fremu zilizochaguliwa peke yake. Katika fremu 900 za familia, nyingi ni marudio: harusi ile ile imepigwa mara nane, mtoto yule yule ameketi kwenye kiti kile kile. Ili kuchagua huhitaji mashine yoyote. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta au tableti, shika negativu sentimita tano hivi mbele ya kioo ili nukta za kioo zisionekane, kisha iangalie kupitia kamera ya simu baada ya kuwasha kigeuza rangi kilichomo katika mipangilio ya simu, kinachoitwa Classic Invert kwenye iPhone na Color inversion kwenye simu nyingi za Android. Rangi zitaonekana za kibuluu, kwa kuwa filamu ya negativu ina msingi wa rangi ya chungwa ambao ugeuzaji wa kawaida hauuondoi, lakini nyuso zitatambulika vizuri. Kwa njia hiyo mimi na dada yangu tulimaliza bati zima kwa jioni tatu, tukabakiwa na fremu 150.

Hesabu yake ni rahisi, nami natumia bei za kufikirika ili kila mtu aweke za mjini kwake. Studio ikitoza shilingi 1,000 kwa fremu, bati zima ni shilingi 900,000, lakini zile zilizochaguliwa ni 150,000. Skana ya filamu ikikufikia kwa shilingi 1,200,000 pamoja na ushuru, basi mpaka ufikishe fremu 1,200 ndipo inapolingana na studio, na hapo muda wako hujauhesabu. Kwa upande mwingine, mashine unaweza kuiuza ukimaliza kazi, ilhali risiti ya studio haiuziki.

Njia hii hushika nafasi ya kwanza kwa sharti kwamba studio inajua kazi hiyo, na hapo ndipo penye mashaka makubwa. Studio nyingi zikisikia “kuskani picha” huchukua picha ya karatasi na kuilaza kwenye skana ya ofisi, ambayo haina taa ya juu na haiwezi kabisa kusoma negativu. Hata lugha yetu yenyewe ina mtego: ukisema unataka negativu zako “zisafishwe”, mhudumu ataelewa kwamba unataka picha zitolewe kwenye karatasi, wakati pengine wewe ulimaanisha kufutwa vumbi. Kwa hiyo uliza kwa maneno ya wazi. Je, mashine yenu inasoma filamu yenyewe? Upande mrefu wa faili utakuwa na pikseli ngapi? Je, vipande vilivyokwisha kukatwa vina bei tofauti na mkanda mzima? Mara nyingi vina bei ya juu, kwa kuwa mkanda mzima hupita kwenye mashine kwa mkupuo mmoja, na vipande hulishwa kimoja kimoja. Na je, kazi inafanyika hapa hapa au negativu husafirishwa mji mwingine?

Baada ya hapo, usiwape fremu zote. Wape kipande kimoja cha fremu sita kama jaribio, na kichague kwa makusudi kiwe kigumu. Mimi nilitoa kipande cha harusi chenye wanaume waliovaa kanzu nyeupe chini ya jua la saa saba. Faili za studio ya kwanza zilikuwa na upande mrefu wa pikseli 1,800, ambazo zinatosha picha ya sentimita 15 kwa 10 na si zaidi, na kanzu zote zilikuwa nyeupe tupu kama karatasi, hazina hata mkunjo mmoja. Nilipoziangalia negativu zenyewe dhidi ya mwanga, mikunjo ilikuwepo. Kosa lilikuwa la mpangilio wa mashine unaojirekebisha wenyewe, ambao huongeza utofauti wa mwanga ili picha ipendeze haraka, na ukiukata weupe wakati wa kuskani, hakuna programu itakayourudisha baadaye. Studio ya pili niliiomba isiongeze utofauti wowote na initolee pikseli 3,400. Picha zilirudi zimepauka kidogo, na hivyo ndivyo zinavyotakiwa, kwa kuwa kuzikoleza ni kazi ya dakika moja kwenye kompyuta. Dalili nyingine ya kuangalia ni chembechembe za filamu. Ikuze picha hadi asilimia 100: ukiziona chembechembe ndogo zilizosambaa sawasawa mpaka pembeni, skani ni ya kweli, ukiona ukungu laini au miraba, basi faili ndogo imetanuliwa.

Nafasi ya pili ni skana maalumu ya milimita 35, na hapa nazungumzia Plustek 8200i. Mdogo wake, 8100, hupendwa kwa bei nafuu, lakini hauna mwale wa infraredi, na kwa watu wa pwani tofauti hiyo ndiyo hoja nzima. Mwale huo hupenya rangi za filamu bila kuziona, ila huzuiwa na vumbi na mikwaruzo. Mashine hupata ramani ya uchafu, na programu huziba sehemu hizo kwa rangi za jirani. Negativu zilizokaa kwenye unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja kwa miaka thelathini zina vumbi lililogandamana na mara nyingi zina kuvu inayofanana na nyuzi za buibui. Kuvu ikianza, huila jelatini ya filamu na kuifanya iyeyuke kwenye maji, kwa hiyo usithubutu kuziosha kwa maji. Pulizia kwa kipulizio cha mpira, na palipokwama tumia spiriti ya isopropili isiyochanganywa na maji, kwa kitambaa laini, bila kusugua. Infraredi ina mipaka yake: haifai kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, ambayo fedha iliyomo huuzuia mwale kama vumbi linavyouzuia, na kwenye slaidi zilizoandikwa Kodachrome inaweza kufuta hata undani halali wa picha. Izime kwa filamu hizo.

Ubaya wa mashine hii ni mwendo wake. Kila fremu husukumwa kwa mkono, na ukihesabu kuskani mara mbili, mara moja kwa rangi na mara moja kwa infraredi, pamoja na kurekebisha, ni kama dakika tatu kwa picha. Fremu 150 ni saa saba na nusu. Fremu 900 ni saa 45. Hata hivyo, kwa slaidi 60 za ami niliona inafaa kuazima mashine ya rafiki kuliko kuzitoa nje ya nyumba, kwa sababu slaidi haina nakala nyingine popote.

Nafasi ya tatu ni kamera ya kidijitali yenye lenzi ya makro inayofikia kipimo cha 1:1, yaani inayopiga kitu kidogo kwa ukubwa wake halisi, ikitazama filamu iliyowekwa juu ya taa bapa. Aliyekwisha kuwa na kamera na lenzi hiyo aipandishe hadi nafasi ya kwanza bila kusita, maana kamera ya pikseli milioni 24 inampa nukta zaidi ya 4,000 kwa inchi, na kipande cha fremu sita humalizwa kwa dakika moja au mbili. Anayeanza bila chochote atalipa zaidi ya bei ya skana. Kosa la kawaida ni kamera kuegemea upande, hivyo kona moja ikatoka na ukungu. Tibu kwa kuweka kioo kidogo mahali pa filamu na kuisogeza kamera mpaka lenzi ijione yenyewe katikati kabisa.

Skana bapa yenye taa kwenye kifuniko, kama ile V600, naiweka ya nne kwa mkanda wa milimita 35. Lakini mwenye negativu kubwa za mraba za sentimita sita, zile za kamera za Yashica na Rolleiflex walizokuwa wakizitumia wapiga picha wa studio, aitazame tena, kwa sababu eneo la filamu ni kubwa kiasi kwamba nukta 1,500 zinatosha, na Plustek hiyo haipokei filamu za namna hiyo.

Ya mwisho ni vile visanduku vidogo vyenye kioo chake, vinavyouzwa kwa ahadi ya pikseli milioni 22. Ndani yake mna kamera ndogo tu, sehemu ya pikseli hizo hutungwa na programu, na kanzu za harusi hutoka nyeupe tupu kuliko hata zile za studio ya kwanza. Akikiazima mtu, kinaweza kumsaidia kuchagua fremu badala ya simu.