Televisheni ya Kutazamia Chaneli za SD: Chagua kwa Kuangalia Kingo za Herufi

Malalamiko ni yale yale kila mara: televisheni mpya ya 4K imefungwa ukutani, filamu za mtandaoni zinang'aa, lakini taarifa ya habari kwenye chaneli ya kawaida inaonekana vibaya kuliko kwenye seti ya zamani. Mara nyingi seti haina ubovu wowote. Picha ya SD, yaani ya ubora wa kawaida unaotumiwa na chaneli hizo, ina pikseli 720 kwa 576, na kioo cha 4K kina 3840 kwa 2160, yaani mara 20 kamili. Katika kila pikseli 20 unazoziona, 19 zimebuniwa na prosesa. Hiyo ndiyo kazi ya akili bandia inayotangazwa kwenye boksi: kulinganisha picha na mifano iliyofunzwa, kisha kukisia kilichokosekana.

Sitazungumzia mwangaza wala rangi, hayo yameandikwa kila mahali. Angalia kasoro moja ambayo wanunuzi huipita: mstari mweupe unaozizunguka herufi. Tazama utepe wa habari au ubao wa magoli. Herufi nyeusi kwenye kibandiko cheupe ikiwa na mstari unaong'aa kuliko kibandiko chenyewe, ukali umezidi. Prosesa imepandisha tofauti ya mwanga pande zote za ukingo ili jicho lidhani picha ni kali. Kwenye SD kosa hili hukua, kwa sababu mstari wa pikseli moja tu kwenye chanzo hutanuka kuwa na upana wa pikseli 5 hivi kwenye 4K. Uchafu unaobaki picha inapobanwa ili irushwe hewani, ule unaorukaruka kando ya herufi, nao hunolewa kana kwamba ni sehemu ya picha.

Kuna dalili mbili nyingine. Uso wa mtangazaji ukilainika kama nta huku nyusi zikiwa kali kama zimechorwa kwa kalamu, kipunguza chembe kimefuta ngozi na kinoa kingo kimebaki na nyusi. Nyasi za uwanjani zikitulia kamera ikisimama, kisha zikachemka ikianza kusogea, prosesa inakisia upya kila fremu.

Kwa kazi hii naiweka Sony mbele, na sioni haya kusema hivyo. Kipengele chake cha Reality Creation kina kipimo chake, mbali na Sharpness, yaani kipimo cha ukali, kwa hiyo unaweza kuongeza undani bila kuchora mistari kwenye kingo. Acha Sharpness kwenye 50, ambapo haiongezi wala haipunguzi, weka Reality Creation kwenye Manual, anza na 20, na usimame pale herufi zinapoanza kupata mstari. Ya pili ni Samsung. Ukali wake huanzia 0, na kwa SD huko chini ndiko pa kuanzia. Ya tatu ni LG: jaribu Super Resolution, inayoongeza undani, kwenye Low, na MPEG Noise Reduction, inayofuta uchafu wa kubanwa kwa picha, kwenye Low pia, kwa maana hii ya pili ikipanda zaidi nyuso zinakuwa nta.

Seti za bei ya chini zenye maandishi ya AI kwenye boksi nyingi hunoa kingo tu. Kama unatazama SD peke yake, seti ndogo ya Full HD ni bora kuliko 4K kubwa ya bei hiyo hiyo, kwa kuwa pikseli za kukisia ni 4 katika kila 5. Ya 8K usiifikirie kabisa.

Kabla ya kulaumu seti yoyote, kagua king'amuzi. Kikiwa kimewekwa kutoa 1080p, chenyewe ndicho kinachokuza picha, mara nyingi kwa chipu dhaifu, na televisheni inapokea picha iliyokwisha kuharibika ikidhani ni HD. Prosesa uliyoilipia haipati nafasi ya kuigusa SD halisi. Ingia kwenye mipangilio ya HDMI ya king'amuzi, chagua Native, yaani picha itoke kama ilivyorushwa, au 576i, kisha bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya televisheni uhakikishe inasoma 576. Kama king'amuzi hakina chaguo hilo na matangazo hayahitaji kadi, chomeka antena moja kwa moja kwenye televisheni.

Linaloudhi ni wauzaji. Dukani seti zote huzungusha video ya 4K ya maua na kinyonga, ikiwa kwenye Vivid, hali ambayo ukali wake umepandishwa. Video hiyo haikuonyeshi chochote kuhusu SD. Nenda na flashi yenye dakika 2 za taarifa ya habari iliyorekodiwa kwa SD, omba ichezwe, toa Vivid, simama umbali utakaokaa nyumbani, kisha shusha Sharpness hadi chini na uipandishe polepole ukitazama utepe. Muuzaji akikataa kuchomeka flashi, nenda duka jingine.