Nimepima kapsheni na saa za kuposti nikiwa na wafuasi 340: Insights imenifaa wapi, imeishia wapi

Akaunti yangu ya Instagram inahusu kukarabati nguo: zipu zilizogoma, vifungo vilivyong'oka, mapindo yaliyofumuka. Wafuasi ni 340, na wengi wao wananitazama kimyakimya tu. Nilitaka kujua mambo mawili, nianzeje kapsheni na niposti saa ngapi, na kifaa nilichotumia ni Insights, ile sehemu ya takwimu inayofunguka bure ukigeuza akaunti yako kuwa ya kikazi. Nimeitumia kwa muda wa kutosha kuweza kusema inachokupa na mahali ambapo utalazimika kushika kalamu mwenyewe.

Nianze na kitu ambacho watu wengi wenye akaunti ndogo hukiruka. Kabla sijapima chochote, niliposti kwa kipindi fulani bila kubadilisha kitu: kila posti ilikuwa picha za kutelezesha, mada za uzito unaolingana, saa ileile, kapsheni za mtindo uleule. Kila posti ilipotimiza saa 24 nilifungua takwimu zake na kuandika ni wafuasi wangu wangapi waliofikiwa. Namba zilicheza kati ya 78 na 131, ilhali hakuna nilichogusa. Huo ndio mtikisiko wa kawaida wa akaunti yangu. Basi mtu akiniambia ameposti jioni akafikia watu 120, na asubuhi yake alifikia 90, kwa hiyo jioni ni bora, najua bado hajajua kitu. Tofauti hiyo inaingia yote ndani ya mtikisiko.

Saa 24 sikuzichagua kwa sababu ya uzuri wake. Ubaya wa ukurasa wa takwimu ni kwamba unakuonyesha namba ya sasa, na posti ya wiki iliyopita imepata muda mrefu zaidi wa kuonekana kuliko ya jana. Ukizipanga bega kwa bega unalinganisha mzee na mtoto. Insights haitakuandikia kwamba posti hii ilikuwa na namba fulani ilipotimiza siku moja, kwa hiyo ni lazima uweke kengele kwenye simu, ufungue, uandike kwenye jedwali lako. Kazi hii inachosha, lakini bila hiyo jaribio lote halina msingi.

Jambo la pili ni kuchagua namba ya kutazama. Saa ya kuposti na kapsheni hazifanyi kazi mahali pamoja. Saa inaamua ni nani yupo kwenye simu posti ikiwa bado mbichi. Kapsheni inaanza kazi baada ya mtu kusimama mbele ya picha. Kwa hiyo saa niliipima kwa wafuasi waliofikiwa ndani ya siku ya kwanza, na kapsheni niliipima kwa idadi ya waliohifadhi posti. Bahati nzuri Insights inatenganisha wafuasi na wasio wafuasi, na kwa jaribio la saa ni lazima utumie upande wa wafuasi peke yake. Wasio wafuasi huletwa na mapendekezo ya programu, pengine siku tatu baadaye, na hao hawahusiani na saa uliyobonyeza kitufe. Laiki niliziacha kabisa. Mtu hulaiki picha kwa kidole gumba bila kusoma hata neno moja.

Kwenye saa, Insights ina mchoro wa muda ambao wafuasi wako wako hewani zaidi. Unahitaji angalau wafuasi 100 ndipo takwimu za wafuasi zikufungukie, kwa hiyo wenye 60 au 80 wasihangaike kuutafuta. Mchoro wangu ulikuwa na nguzo ndefu usiku, na nikaipambanisha saa 3 usiku na saa 1 asubuhi. Nilizipanga posti kwa jozi, mada mbili zinazofanana, kisha nikarusha sarafu kuamua ipi iende asubuhi na ipi usiku. Sarafu ina maana yake hapa: ukiachia moyo uchague, picha nzuri utaipeleka kwenye saa unayoipenda, halafu utaisifia saa. Niliangalia pia jozi zisiangukie siku moja ya wiki tu, maana Jumamosi usiku na Jumanne usiku ni usiku mbili tofauti.

Baada ya siku ya kwanza, posti ya katikati ya kundi la asubuhi ilifikia wafuasi 96 na ya usiku 109. Natumia ya katikati badala ya wastani kwa sababu posti moja ikipaa inauvuta wastani wote juu. Mtikisiko wangu ukiukumbuka, tofauti ya 13 ni ndogo, na ilipofika saa 48 ilikuwa imekaribia kufutika. Haishangazi, kwa kuwa Instagram iliacha kupanga posti kwa mfuatano wa saa tangu 2016, na mfuasi anayeingia asubuhi anaweza kukuta posti ya jana usiku juu kabisa. Nguzo ndefu kwenye mchoro inasema watu wapo. Haisemi wana nafasi ya kusoma, wala haisemi ni akaunti ngapi nyingine zinawania macho hayohayo muda huohuo. Siku hizi naposti saa ninayokuwa na dakika ishirini za kujibu komenti, basi.

Kapsheni ndiyo iliyokuwa na utamu. Instagram inakuruhusu herufi 2,200, lakini kabla mtu hajagusa ili aone zaidi, anachokiona ni mwanzo tu, mstari mmoja na kipande cha wa pili. Kwa hiyo nilipima mwanzo huo peke yake na sehemu iliyobaki nikaiandika kwa mtindo uleule. Kundi la kwanza lilianza na jibu: "Zipu ikigoma kufunga, minya kichwa chake taratibu kwa koleo kabla hujanunua nyingine." Kundi la pili lilianza na swali: "Zipu imewahi kukuaibisha mbele za watu?" Saa ilikuwa moja kwa makundi yote, na kapsheni ikishatoka sikuihariri hata nilipoona kosa la herufi. Sikuposti picha ileile mara mbili pia, kwa kuwa walioiona mara ya kwanza wangeipita.

Jozi ya kwanza: jibu lilihifadhiwa na watu 6, swali na watu 3. Mara mbili! Hapo ndipo mtu hukimbilia kutangaza mshindi. Lakini chukua sarafu, irushe mara tisa. Kupata mgawanyo wa sita kwa tatu, au ulioegemea upande mmoja zaidi ya hapo, kunatokea karibu nusu ya nyakati. Yaani hata kama kapsheni zote mbili zina nguvu sawa, matokeo kama yale ni ya kawaida kabisa.

Kipimo ninachotumia ni chepesi na kinatosha kwa akaunti ndogo. Toa idadi ndogo kutoka kubwa, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha jumla ya zote mbili, ile alama ya √ kwenye kikokotoo cha simu. Jibu likifika 2 au zaidi, tega sikio. Likiwa chini ya hapo, endelea kukusanya. Kwa 6 na 3: tofauti ni 3, jumla ni 9, kipeuo chake ni 3, jibu ni 1. Hakuna kitu. Sharti lake ni kwamba makundi mawili yawe yamefikia watu wanaokaribiana kwa idadi. Kama moja limefikia watu 1,600 na lingine 900, hesabu hii itakudanganya.

Raundi ya kwanza ilipokamilika, jibu lilikuwa na 41 na swali 22. Tofauti 19, kipeuo cha 63 ni kama 7.9, kipimo 2.4. Safi, ila namba moja ilinikera. Posti moja ya kundi la jibu ilikuwa na watu 14 waliohifadhi, na nilipoifungua nikaona wengi waliofikiwa si wafuasi wangu. Akaunti kubwa ilikuwa imeishea kwenye stori yake. Nikaitoa, pamoja na mwenzake wa jozi aliyekuwa na 3, maana ukitoa upande mmoja tu unapendelea. Zikabaki 27 kwa 19, na kipimo kikashuka hadi 1.2. Ushindi wote ulikuwa umebebwa na stori ya mtu mmoja.

Nikaanza raundi mpya toka sifuri, nikiwa nimeandika kabisa itaishia posti ya ngapi. Sababu ni kwamba ukichungulia kila siku na kusimama pale namba inapokupendeza, mapema au baadaye bahati itakupa ulichotaka. Safari hii jibu lilipata 34, swali 19, bila posti yoyote iliyopaa. Kipimo: 15 kugawanya kwa 7.3, kama 2.1. Imepita, kwa kunyata. Naichukulia kuwa kweli kwa akaunti yangu hadi nione vinginevyo. Maswali yalileta komenti nyingi zaidi, kwa hiyo anayetaka gumzo anaweza kuyapendelea, ila kwangu mimi anayehifadhi ndiye atakayerudi siku zipu yake itakapogoma.

Katikati ya haya nilijaribu pia huduma moja ya kulipia ya kupanga posti, ambayo sitaitaja jina. Ilinichorea nyota kwenye kalenda: posti Alhamisi, saa fulani kamili. Nilipofuatilia msingi wake, Alhamisi yangu yote ilikuwa na posti mbili tu, na moja ni ileile iliyoishewa na akaunti kubwa. Nyota haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha wasiwasi. Nikasitisha usajili kabla ya mwezi wa pili kuanza.

Insights naipa nyota nne kati ya tano, kwa kuwa ni bure, inatenganisha wafuasi na wageni, na inaonyesha waliohifadhi kwa kila posti. Nyota moja naibakiza kwa sababu ya kazi ya jedwali niliyoieleza. Mwenye wafuasi chini ya 100 au anayeposti mara moja kwa wiki asijaribu vitu viwili kwa pamoja. Achague mwanzo wa kapsheni, saa aiache. Kwa sasa napima kama kutaja kifaa kwenye mstari wa kwanza, koleo, sindano, mshumaa wa kupaka meno ya zipu, kunaongeza waliohifadhi. Ninapoandika hapa ni 11 kwa 9, na kikokotoo sijakigusa.