C: imejaa, na bado hujafuta kitu: nafasi imo ndani ya OneDrive

Assalaam alaykum jamaa, karibuni. Leo sina boksi la kufungua, na wale walioniuliza juu ya ile spika ya Darajani wasubiri, bado iko njiani. Leo naichambua OneDrive, programu ya Microsoft ya kuweka mafaili mtandaoni, ambayo wengi wenu mnayo na hamjui mnayo. Hebu niwageuzie kioo muone. Hii laptopu ni ya shemeji yangu wa Wete, anapiga video za harusi. Diski yake wameiandika 256 GB, ukiingia kwenye Windows unaiona 237, hiyo ni hesabu ya kiwandani na hesabu ya Windows, tusipigizane kelele. Kilichoniudhi ni huu mstari mwekundu hapa. Imebaki 6 GB. Sita! Laptopu ya mtu anayeuza video.

Na mwenyewe kaniambia kwa kujiamini kabisa: "Mie vitu vyangu vyote viko mtandaoni." Kweli viko. Kifurushi chake kina 1 TB na juu huko hajafika hata robo. Lakini tazameni folda ya OneDrive hapa chini, ina 140 GB. Nikibonyeza kitufe cha kulia, nikaingia Properties, kuna mistari miwili. Ule wa juu, Size, unasema 140. Ule wa pili, Size on disk, nao unasema 140. Basi hapo ndipo mchezo ulipo. Kila kilichopanda juu, chini pia kimebaki kizima. Anazilipia zile 140 mtandaoni, na hapa anazibeba hizo hizo tena.

Wala si ubovu. Folda ya kusinki ilianza hivyo: unaweka faili kwenye folda, nakala inapanda juu, na kompyuta yako ya pili inaishusha. Nakala nzima kila mahali. Kwa mtu mwenye diski kubwa na intaneti inayosuasua, mpango huo ni mzuri mno, faili linafunguka hata bando likiisha. Microsoft waliirudisha njia ya pili kwenye Windows 10 mwishoni mwa 2017, wakaiita Files On-Demand. Jina la faili linabaki, tarehe inabaki, ukubwa unaonekana, ila nyama yake iko mtandaoni. Ukilibofya linashuka.

Sasa nitazameni mkono. Nachukua folda hii ya Harusi 2023, 62 GB, kazi zilizokwisha na wenyewe wameshapewa. Kabla sijagusa, naangalia alama ya OneDrive kule chini kulia, karibu na saa. Inasema imemaliza kusinki. Sawa. Bado siamini. Nafungua onedrive.com, naingia folda ile ile, nachagua video moja ndefu na kuicheza hapo hapo kwenye kivinjari. Inacheza, bi harusi anaingia, taarabu inalia. Hapo moyo umetulia. Narudi chini. Kitufe cha kulia juu ya folda, halafu Free up space. Kwenye Windows 11 ukiona neno hilo halipo, bonyeza mstari wa OneDrive kwenye menyu hiyo hiyo, utalikuta ndani.

Tazameni alama. Zilikuwa duara jeupe lenye vema ya kijani, sasa zinageuka wingu la buluu moja baada ya moja. Oneni inavyotembea. Naipenda hii, nisamehewe, mie mtu wa kufurahia vitu vidogo. Properties tena: Size, 62 GB. Size on disk, sifuri. Na C: imetoka 6 imefika 68. Hatujafuta harusi ya mtu yeyote.

Kama faili moja limekataa kugeuka, liangalieni lina alama gani. Likiwa na mishale ya buluu inayozunguka, halijamaliza kupanda, na OneDrive haitaliachia likiwa bado liko kwako peke yako. Mnaosema kwenye komenti "nimebonyeza na nafasi haikuongezeka", sababu ni hiyo mara nyingi. Au umebonyeza Free up space kwenye folda ambayo haimo ndani ya OneDrive, na hiyo siwezi kukusaidia.

Ngojeni sasa niwaoneshe upande wa pili, maana wasimuliaji wengi wanaishia hapo kwenye sifuri. Nazima Wi-Fi. Nabofya video yenye wingu la buluu. Umeona? Haifunguki. Jina lipo, picha ndogo huenda ipo, video haipo. Nawasha Wi-Fi, nabofya tena, inaanza kushuka. Hili faili ni 1.8 GB. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ikienda bila kukatika, ni kama dakika 24. Na hizo 1.8 zinatoka kwenye bando lako. Ikishashuka, alama inarudi kuwa ile duara jeupe lenye vema, na nafasi imeliwa tena. Kwa hiyo mtu wa kuhariri video asifungue mradi wa zamani kwa kuutazama tu. Programu ya kuhariri itaita kila kipande kilichomo, vyote vitaanza kushuka kwa pamoja, na utadhani laptopu imeganda.

Ukisafiri, fanya hivi. Kazi unayokwenda kuifanya, kabla hujapanda boti ya Pemba, bonyeza kitufe cha kulia, chagua Always keep on this device. Alama inakuwa duara la kijani lililojaa, vema nyeupe katikati. Hilo halitarudi mtandaoni mpaka wewe mwenyewe uliachie. Subiri zigeuke zote, kisha zima Wi-Fi nyumbani ujaribu kufungua moja. Usiende kujaribu katikati ya bahari.

Haya, sasa kile ninachokichukia. Kwenye menyu ile ile, karibu na Free up space, kuna Delete. Na mtu aliyezoea kubanwa na nafasi, mkono wake unakwenda kwenye Delete wenyewe. Ukifuta ndani ya folda ya kusinki, umefuta juu, na kwenye kompyuta yako nyingine, na kwenye simu. Tena faili lenye wingu la buluu ukilifuta, hulikuti kwenye Recycle Bin ya laptopu. Limo kwenye Recycle bin ya onedrive.com, na kwa akaunti ya kawaida linakaa siku 30. Akaunti ya kazini au skuli ni 93, isipokuwa wenyewe wameamua vingine. Na kulihamisha ni vivyo hivyo: ukiliburuta faili kutoka OneDrive ukalitia kwenye folda ya nje, limeondoka mtandaoni. Mtu anadhani kalipeleka pahala pa usalama, kumbe kalitoa.

Na hapa shemeji aliniuliza swali zuri: je, hizi harusi si zimebaki pahala pamoja sasa? Ndiyo. Kabla ya Free up space palikuwa na nakala mbili. Baada yake ipo ya mtandaoni tu. Kusinki si kuhifadhi akiba, kosa la mkono wako linasinki pia. Ndiyo maana mie namwambia anunue hadidiski ya nje, kazi za wateja anakili kule kwanza, halafu ndio aachie nafasi. Mpangilio ni huo huo, usiupindue. Ukiachia kwanza kisha ukumbuke hadidiski, kunakili kutaita zile 62 GB zote zishuke upya, na kwa intaneti ile ya megabiti 10 ni karibu saa 14 bila kupumzika. Nani ana bando hilo?

Kidogo juu ya wapinzani, maana najua mnakuja. Google Drive ya kompyuta inakupa njia mbili kwenye mipangilio, Mirror files na Stream files. Mirror ni nakala nzima ya My Drive yako yote, hakuna kuchagua faili hili liwe la mtandaoni peke yake. Stream inakuletea diski mpya, mara nyingi herufi G:, na vitu vinashuka unapovifungua. Ila na yenyewe inaweka akiba yake ndani ya C:, kwa hiyo ukiona nafasi inapungua polepole na hujui kwa nini, anzia hapo. Dropbox ina Make online-only, inafanya kazi vizuri, sina ugomvi nayo, lakini bure wanakupa 2 GB. Harusi moja haiingii. OneDrive bure ni 5, Google 15, na hizo 15 unagawana na Gmail na picha zako. Bei za kulipia sizitaji hapa, zinapanda na kushuka na dola, angalieni kwenye ukurasa wao siku ya kununua. Kwa wa video, chini ya 1 TB usijisumbue.

Oh, na kitu cha mwisho nilitaka kukiruka lakini kuna mtu ataniandama. Je, inaweza kujiachia yenyewe? Inaweza. Settings, System, Storage, halafu Storage Sense. Iwashe, shuka mpaka ulione jina la OneDrive, unachagua faili lisilofunguliwa kwa muda gani ndio lirudi mtandaoni: siku 1, 14, 30 au 60. Mie kwa shemeji nimeweka 60. Siku 1 ni ya mtu mwenye intaneti ya ofisi isiyokatika, sie huku tutashusha video ile ile kila asubuhi. Yale ya kijani kilichojaa haiyagusi, kwa hiyo kazi za mwezi huu nimezifunga hivyo, na nimemuandikia kwenye karatasi nikaibandika chini ya kioo: buluu iko mtandaoni, kijani iko hapa, na Delete niulize kwanza.

Sabskraibu kama bado, na mwenye Mac aniandikie kwenye komenti. Wakifika wengi tutaitazama iCloud, maana ile nayo inapeleka vitu juu bila ya kukuuliza, na huko maneno yangu yatakuwa makali zaidi.