Kuhesabu hatua au kufungua daftari?

Seremala wa Moshi anaulizwa kabati la milango miwili litakuwa tayari lini. Njia ya kwanza ni kuhesabu hatua: kukata na kuranda siku moja, kuunga mbili, msasa na vanishi moja. Jumla siku 4. Hesabu safi, ila haina umeme kukatika wala vanishi isiyokauka wakati wa masika. Kuwaza mabaya nako hakutoshi: katika utafiti wa mwanasaikolojia Buehler na wenzake wa mwaka 1994, wanafunzi walikadiria kumaliza tasnifu kwa siku 34, au 49 kila kitu kikiharibika. Wastani halisi ulizidi 55.

Njia ya pili ni daftari la oda. Tuseme makabati matano ya mwisho yalichukua siku 6, 7, 7, 9 na 12, tangu malipo ya awali hadi kukabidhi. Katikati ni 7, lakini mteja ningemwambia 9, maana manne kati ya matano hayakuzidi hapo.

Mimi nachagua daftari. Hatua nabaki nazo kwa kununulia vifaa. Kazi ikiwa ngeni, muulize fundi aliyeifanya ilimchukua siku ngapi, siyo anadhani itachukua ngapi.