Nilidai waranti ya betri ya 200, nikaletewa ya 180 na barua. Uzoefu wangu

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyoikata nitaieleza.

Betri yangu ya inveta, ile ya maji, 12V, imeandikwa 200Ah, ilikufa seli moja ikiwa bado ndani ya waranti. Ukichaji usiku kucha, asubuhi inasoma volti 10 na kitu, ukipima asidi kwa haidromita seli tano ziko poa ya sita iko chini kabisa. Duka hawakusumbua, walipima wakakubali, ila betri mpya ilipofika lebo inasema 180Ah. Na juu yake wamebandika bahasha, ndani barua ya mwenye duka. Nimeshaona watu wengi wakilalamika kwamba wamepunjwa hivihivi kwahiyo naiweka hapa sehemu yenyewe ya maana:

"Habari kaka. Najua ukiona 180 utasema nimekurudishia ndogo. Naomba uangalie maandishi madogo pembeni ya namba. Ya zamani imeandikwa C20, hii imeandikwa C10. Ile ilipimwa kwa kuimaliza taratibu ndani ya masaa 20, hii imepimwa kwa kuimaliza ndani ya masaa 10. Toleo lako la zamani kiwanda hawalitoi tena na hii ndo iliyochukua nafasi yake. Ukiwa na wasiwasi ifunge, ichaji ijae, ipime kwa mzigo wako mwenyewe, ikishindwa irudishe."

Sasa wengi wakisoma hapo wataona ni maneno ya kuuza tu, lakini hiyo hoja ya C ni ya kweli na ndo kitu ambacho hakuna mtu anakwambia ukinunua. Betri ya risasi haina namba moja ya uwezo. Ukiivuta taratibu inatoa umeme mwingi, ukiivuta kwa nguvu inatoa kidogo, kwasababu asidi iliyoko karibu na sahani inaisha haraka kuliko ile ya pembeni inavyoweza kupenya kuja kujaza, na pia ukivuta ampea nyingi volti inaanguka mapema inveta inaona betri imeisha wakati ndani bado kuna kitu. Ndo maana kiwanda lazima kiseme nimepima kwa masaa mangapi. C20 ya 200Ah maana yake umevuta ampea 10 kwa masaa 20. C10 ya 180Ah maana yake umevuta ampea 18 kwa masaa 10, karibu mara mbili ya ule mvuto wa kwanza, na bado ikafikisha 180.

Kwahiyo swali la kujiuliza ni hili, ile ya zamani ya 200 ningeivuta kwa ampea 18 ingetoa ngapi? Betri za aina hii zikitoka C20 kwenda C10 huwa zinapoteza kama sehemu moja ya kumi hivi, nyingine zaidi kidogo inategemea na muundo wa sahani. Yaani 200 inakuwa 178 au 180 hapo. Ni betri zilezile bana, ni kipimo tu kimebadilika. Na ukigeuza upande wa pili, hii mpya ukiivuta kwa ampea 10 tu itakupa karibu 200 vilevile.

Sikuishia kwenye hesabu, nikapima. Nilichaji mpaka asidi kwenye seli zote ikaacha kupanda, nikaiacha ipoe masaa machache bila mzigo ikasoma 12.7, halafu nikawasha feni, tivii, taa na vitu vingine mpaka ile mita ya kubana kwenye waya ikasoma kama ampea 18 zinatoka kwenye betri. Hapa angalieni, upime waya wa betri sio wati zilizoandikwa kwenye vifaa, maana inveta yenyewe inakula. Ampea 18 kwa volti 12 ni kama wati 216, ila vifaa vyangu vilikuwa vinapata kama wati 180 na kidogo, zilizobaki zinaishia kuwa joto la inveta. Nikaandika saa, nikawa napita kucheki ampea maana zinapanda kidogo volti ikishuka nikawa nazima kitaa kimoja kurudisha. Inveta ilipiga alamu na kukata kwenye 10.8 baada ya masaa tisa na nusu hivi. Zidisha na 18 unapata 171. Kwa betri mpya kabisa hiyo naikubali, betri za maji huwa hazitoi uwezo wote siku ya kwanza, zinafika baada ya kuchajiwa na kutumika mara kadhaa. Kama ingekuwa kweli imepimwa C20 na kuandikwa 180, kwa mzigo huo ingetoa kama 160, yaani isingefika hata masaa tisa, na hiyo ikiwa katika hali yake bora. (Ukifanya hili jaribio chaji palepale ikiisha, betri ya risasi ikilala tupu inaanza kuganda salfeti. Na usiifanye kila wiki, unaila mwenyewe.)

Ambao mnaletewa betri ya namba ndogo na lebo yenyewe haina C yoyote, hapo gomeni. Namba bila masaa haimaanishi kitu. Na zile zilizoandikwa C100 ndo kabisa msizilinganishe kichwakichwa, maana C100 namba inakuwa kubwa kwenye betri ileile, kwahiyo 200Ah C20 ikibadilishwa na 200Ah C100 hapo umepewa ndogo kweli japo namba zinafanana. Barua ya namna hii ingekuwa ya uongo tupu kwenye kesi hiyo.

Sasa nyota niliyokata. Barua haikusema chochote kuhusu chaji. Inveta yangu ilikuwa imesetiwa ampea 20, moja ya kumi ya 200, na kwa hii mpya moja ya kumi ni 18. Tofauti ni ndogo haiui betri, lakini kuna mtu inveta yake imesetiwa juu zaidi na anahitaji kuambiwa. Pia haikusema waranti inahesabiwa kuanzia lini, nikapiga simu ndo nikaambiwa inaendelea na risiti ya zamani, haianzi upya. Sio ajabu ndo wengi wanavyofanya ila iandikwe.

Na la mwisho ambalo kwangu halikunihusu kwasababu natumia betri moja. Kama mfumo wako ni 24V, betri mbili zimeungwa kwa kufuatana, usikubali kubadilishiwa moja tu kwa maelezo haya hata kama hesabu ya C inakaa sawa. Mpya na ya zamani hazishuki wala hazijai pamoja, chovu inamalizwa mpaka chini kabisa kila umeme ukikatika huku inveta inasoma jumla ya volti na kuona kila kitu kiko sawa. Nilimuuliza mwenye duka hilo kwenye simu ileile, akasema kwa wateja wa 24V anabadilisha moja kama zote mbili bado ni changa, zikiwa zimetumika sana anamshauri mteja aongeze hela achukue jozi. Hilo nalo lingekaa vizuri kwenye barua.