Sentensi mbili za karatasi ya ridhaa

Katika karatasi ya maelezo ya utafiti wa dawa ya kukinga malaria, tuseme huko Kisumu, toleo la kwanza linasema: “Washiriki watagawanywa kinasibu katika kundi la dawa au la plasebo.” La pili linasema: “Kompyuta itachagua, kama kurusha shilingi, nani apewe dawa na nani apewe kidonge kisicho na dawa, daktari hatachagua.”

Nalipendelea la pili, ingawa ni refu, kwa kuwa linaondoa dhana kwamba daktari humteulia kila mtu kinachomfaa. Hata hivyo, swali “Umeelewa?” halitoshi, maana wengi huitikia kwa heshima tu, afadhali mshiriki aulizwe, “Mama, nani ataamua upewe kidonge kipi?” Akijibu kwamba ni daktari, aelezwe upya kabla hajaweka alama ya kidole gumba mbele ya shahidi asiye mtafiti.