Nimenunua nyongeza, gemu yenyewe wameondoka nayo

Jamani nina hasira, hata mgebuka wa mchana umenishinda. Kuna huduma moja ya gemu za kulipia kwa mwezi, mi nalipa kama elfu 20 hivi, unafunguliwa maktaba nzima unapakua unachotaka. Mimi nikang'ang'ania gemu moja tu ya magari, nikaishusha kwa bando la usiku, karibu GB 60, na mtandao wa huku Mwanga ukiamua kulala unalala, ilinichukua siku tatu. Ikaninogea mpaka nikanunua na nyongeza yake, magari mapya na ramani, elfu 30 ya pembeni, maana kwenye maktaba unapewa gemu yenyewe tu, hizo nyongeza mara nyingi unajitegemea.

Juzi nafungua, kufuli! Gemu imetolewa kwenye maktaba. Mafaili yote yamo kwenye diski, GB zangu zote zile, ila haiwaki kwa sababu ulichokuwa unalipia ni ruhusa ya kucheza, siyo gemu. Na ile nyongeza bado inahesabika yangu kabisa, ila haifunguki bila gemu mama. Yani umeuziwa matairi, halafu mwenye gari kaondoka na gari lake.

Nikawaandikia wahudumu. Kaka mmoja ananijibu, "Ulisoma masharti? Tangazo liliwekwa." Basi, hata pole hakuna. Nimeenda kutafuta, kweli kulikuwa na sehemu ya gemu zinazoondoka karibuni, huko chini kabisa, nani anashuka mpaka huko?

Sasa nikapiga hesabu nikazidi kuumia. Miezi mitano mara elfu 20 ni laki moja, na gemu yenyewe dukani kwao inauzwa elfu 60. Yani mwezi wa tatu tu nilikuwa nimeshaimaliza bei yake, iliyobaki nilikuwa nachangia gemu ambazo sizigusi. Kama we ni mtu wa gemu moja miezi na miezi, gawa bei ya gemu kwa ada ya mwezi, ukiona utacheza kuzidi hapo, nunua. Tena subiri ofa.

Ila nisiwe mnafiki, mdogo wangu alilipia mwezi mmoja wakati wa likizo akamaliza gemu nne za hadithi, akazima yale makato ya kujirudia kila mwezi, akaondoka. Huyo kawala wao. Shida yake ilikuwa bando tu, kila gemu mpya ni kushusha upya.

Mi jana nimemeza mate nikainunua, bahati ilikuwa imeshuka mpaka elfu 30. Nikaiwasha, seivu yangu ipo vilevile, na nyongeza ikafunguka hapohapo, nikacheza mpaka saa nane usiku. Huduma nilisema naikata leo. Lakini mwezi huu nimeshaulipia bwana, ngoja uishe kwanza.